Asilimia 80 ya Nini? Namna ya Kusoma Mstari wa Toleo Jipya

Karani wa takwimu anayejaza ripoti ya mwezi ya kituo cha afya, awe Tanzania, Kenya, Uganda au Rwanda, huenda anaingiza namba zake katika programu iitwayo DHIS2. Programu hiyo inaratibiwa na Kituo cha HISP cha Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norwei. Hitilafu ikigunduliwa ndani yake, huandikiwa tiketi yenye namba inayoanza na `DHIS2-` katika mfumo wa kufuatilia kazi uitwao Jira. Kwenye tiketi kuna maelezo ya tatizo, jina la aliyepewa kazi na hali ya kazi ilipofikia. Pembeni kuna kisanduku kidogo kilichoandikwa `Fix versions`. Hapo ndipo panapojibiwa swali la kila mtumiaji: shida yangu itaondoka katika toleo lipi?

Tiketi zote zilizoandikwa namba moja ya toleo hukusanyika pamoja, na mfumo huzichorea mstari wa maendeleo: sehemu ya kijani kwa zilizokamilika, sehemu nyingine kwa zilizobaki. Mstari huo ndio unaoonyeshwa wakubwa kwenye vikao. Ukifika asilimia 80, mtu husema tuko karibu. Wiki mbili baadaye bado ni 80, na hakuna anayeelewa kwa nini, maana wasanidi wamefanya kazi usiku na mchana.

Jibu ni kwamba mstari ule ni sehemu juu ya jumla, na namba zote mbili hutembea. Watu wengi hutazama ya juu, yaani kazi zilizokwisha. Habari ya tarehe ya kutoa toleo iko zaidi katika ile ya chini.

Kisanduku na namba yake

Jira, iliyotolewa mwaka 2002 na kampuni ya Atlassian ya Australia, ina visanduku viwili ambavyo wageni huvichanganya. `Affects versions` husema hitilafu imeonekana katika toleo gani, kwa hiyo hutazama nyuma. `Fix versions` husema marekebisho yanatoka katika toleo gani, kwa hiyo hutazama mbele. Hitilafu ikionekana kwenye toleo la 3.1 na kupangwa kurekebishwa katika 3.2, kila namba ina mahali pake. Anayeandika 3.1 katika sehemu zote mbili huliongezea kazi toleo lililokwisha kutoka, na wakati huohuo toleo linalokuja huonekana jepesi kuliko lilivyo.

Mifumo mingine hufanya jambo hilohilo kwa jina tofauti. GitHub na GitLab zina `Milestone`. Redmine ina `Target version` pamoja na ukurasa wa `Roadmap` unaoonyesha kila toleo na mstari wake. Bugzilla, mfumo uliozaliwa katika mradi wa Mozilla, una `Target Milestone`. Tofauti inayostahili kukumbukwa ni moja: kwenye GitHub tiketi hukaa katika `Milestone` moja tu, lakini Jira inaruhusu tiketi moja kuandikwa matoleo mawili au zaidi.

Ruhusa hiyo ina sababu nzuri. Miradi mingi hutunza matoleo kadhaa kwa pamoja, kwa kuwa wapo watumiaji wasioweza kuhama mara moja kwenda toleo jipya. Hitilafu nzito hurekebishwa katika toleo linalokuja, kisha marekebisho yaleyale hupandikizwa katika toleo la zamani. Tiketi yake huandikwa, tuseme, 3.1.4 na 3.2. Sasa inahesabiwa katika mistari miwili, ilhali hali yake ni moja. Msanidi akimaliza upande wa 3.2 na kuifunga, mstari wa 3.1.4 nao hugeuka kijani, ingawa huko hakuna mstari wa kodi ulioguswa. Timu zilizowahi kuumizwa na jambo hili hufungua tiketi tofauti kwa kila toleo, au hukubaliana kwamba tiketi haifungwi mpaka marekebisho yaingie kote yalikoahidiwa.

Daladala na boti ya Unguja

Kabla ya kusoma mstari wowote, inabidi kujua toleo lenyewe ni la aina gani. Yapo matoleo yanayoondoka kama daladala, na yapo yanayoondoka kama boti ya Unguja. Daladala hungoja ijae: toleo hutoka kazi zilizopangwa zikikamilika, tarehe ikisogea isogee. Boti huondoka kwa saa yake, na abiria aliyechelewa hupanda inayofuata.

Ubuntu ni wa aina ya boti kiasi kwamba namba ya toleo ni tarehe yenyewe: 24.04 ni la Aprili 2024, na lililofuata, 24.10, ni la Oktoba. Kubernetes, programu ya kuendesha mifumo mikubwa kwenye seva nyingi, tangu mwaka 2021 imekuwa ikipangiwa matoleo matatu kwa mwaka. Katika miradi ya namna hii tarehe imefungwa, na kinachobaki cha kuamua ni nani aachwe bandarini. Swali la kuuliza mstari ni "tuondoe nini?" Katika toleo la daladala swali ni "lini?" Ukiuliza mstari swali la aina nyingine, utapata jibu lisilokusaidia.

Mstari unahesabu nini

GitHub huhesabu kwa njia rahisi kabisa: vilivyofungwa, gawanya kwa vyote. Hesabu hiyo huchukua tiketi pamoja na maombi ya kuunganisha kodi, yale ambayo wasanidi huyaita PR. Tiketi na PR inayoitatua zikiwekwa zote katika `Milestone` moja, kazi moja imehesabiwa mara mbili. Kwa hiyo timu huchagua kuweka moja kati ya hizo, na wengi huchagua tiketi.

Mtego mwingine umo katika kufunga. Tiketi hufungwa kwa sababu kazi imekwisha, lakini pia hufungwa kwa sababu ni nakala ya nyingine, au timu imeamua kutoifanya. GitHub huzihesabu zote kuwa zimefungwa. Jira nayo hutazama kundi la hali ambalo tiketi imo, na kwa kawaida tiketi iliyokataliwa huishia katika kundi lilelile la `Done`. Siku msimamizi anapofagia nakala 10, mstari hupanda bila mtu kuandika hata neno moja la kodi. Dawa ni ndogo: anayefunga tiketi kwa sababu ya kuikataa aiondolee namba ya toleo palepale.

Jira hugawa mstari katika sehemu tatu badala ya mbili: zisizoanzwa, zinazoendelea na zilizokamilika. Ile ya katikati husema mengi. Timu ya watu watano yenye tiketi 15 zinazoendelea ina tatizo, hata kama sehemu ya kijani ni ndefu. Mara nyingi maana yake ni kwamba kazi zimekwama mahali fulani, ama kwa mkaguzi wa kodi ama kwa mjaribuji, na wasanidi wameanza nyingine badala ya kungoja.

Kisha liko suala la ukubwa. Kurekebisha herufi iliyokosewa ni tiketi moja, na kujenga uwezo wa kufanya kazi bila mtandao ni tiketi moja. Watu, kwa ubinadamu wao, huanza na nyepesi. Ndiyo maana asilimia 80 ya tiketi hufika mapema na asilimia 20 iliyobaki hula nusu ya muda. Timu zinazokadiria ukubwa wa kila tiketi kwa pointi zinaweza kusoma mstari kwa pointi. Ripoti ya Jira iitwayo `Version Report` hutumia makadirio hayo, pamoja na kasi ya timu iliyokwisha kuonekana, kubashiri siku ya kumaliza. Ubashiri wake una thamani ikiwa tu tiketi nyingi zimekadiriwa. Kwa timu isiyokadiria, njia nyepesi ni kuvunja kila tiketi inayozidi siku tatu za kazi, ili zilizobaki zikaribiane ukubwa.

Wiki nane za toleo 3.2

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wenye hesabu kamili. Timu ya wasanidi watano inatengeneza programu ya kupokelea kahawa katika vyama vya ushirika vya msingi, AMCOS, mkoani Kilimanjaro. Toleo la 3.2 litawawezesha makarani kusoma uzito moja kwa moja kutoka kwenye mizani, kumchapishia mkulima stakabadhi, na kufanya kazi mtandao unapokatika. Msimu wa kuvuna unaanza Julai, kwa hiyo toleo litoke Ijumaa tarehe 27 Juni 2025. Hili ni toleo la boti. Kazi inaanza Jumatatu tarehe 5 Mei, yaani kuna wiki nane, na toleo lina tiketi 40.

Timu inakamilisha tiketi sita kwa wiki. Kwa hesabu ya mwanzo, 40 gawanya kwa sita ni wiki saba hivi. Iko nafasi ya kupumua.

Ijumaa ya kwanza mstari unasoma tiketi sita kati ya 40, asilimia 15. Wiki ya pili chama kimoja kinaomba stakabadhi ionyeshe pia malipo ya awali, na mjaribuji anagundua kasoro mbili kwenye mizani. Tiketi nne zinaingia. Wiki ya tatu zinaingia nne nyingine, na ya nne vivyo hivyo. Ijumaa tarehe 30 Mei, nusu ya muda ikiwa imepita, zimekamilika 24 kati ya 52. Mstari unasoma asilimia 46.

Anayetazama asilimia peke yake atasema muda umekwenda nusu na kazi imekwenda karibu nusu, kwa hiyo wako sawa, labda wamechelewa siku mbili tatu. Fuata namba nyingine uone. Zimebaki tiketi 28. Timu inamaliza sita kwa wiki, lakini katika wiki nne zimeingia 12, wastani wa tatu kila wiki. Kwa hiyo mzigo unapungua kwa tatu tu kwa wiki, wala si sita. Ishirini na nane gawanya kwa tatu ni wiki tisa na ushee, na toleo litafika mwanzoni mwa Agosti, wakulima wakiwa wamekwisha kupeleka kahawa chamani kwa mwezi mzima.

Je, wakifunga mlango kabisa, pasiingie kitu? Ishirini na nane gawanya kwa sita ni wiki nne na siku chache. Bado tarehe 27 Juni inapita, japo kwa siku chache tu. Kwa mwendo uleule wa kazi, kinachotenganisha mwanzo wa Julai na mwanzo wa Agosti ni tiketi zinazoingia.

Msimamizi wa toleo anazipitia zile 28 pamoja na timu. Uwezo wa wiki nne zilizobaki ni tiketi 24. Asingependa kuzijaza zote, kwa sababu majaribio ya mwisho huibua kasoro mpya, na tayari ameona kasi ya kuingia kwake. Anaamua kuacha nafasi ya sita kwa ajili ya kasoro hizo. Kwa hiyo tiketi 18 zinabaki na 10 zinahamishiwa 3.3. Malipo ya awali kwenye stakabadhi yanahama, pamoja na ripoti za mwaka na mapambo ya ukurasa wa mwanzo. Mizani na kazi bila mtandao vinabaki, maana bila hivyo toleo halina faida kwa karani.

Mara tu baada ya kuhamisha, mstari unasoma 24 kati ya 42, asilimia 57. Umepanda hatua 11 mchana mmoja na hakuna kazi iliyofanyika. Asiyejua kilichotokea angepongeza. Kwa hiyo siku ya kuhamisha msimamizi huandika ujumbe mfupi kwa wadau: mstari umepanda kwa sababu tumeondoa tiketi 10, na orodha yake ni hii.

Wiki ya tano zinakamilika sita na kuingia kasoro mbili: 30 kati ya 44. Wiki ya sita, 36 kati ya 46. Wiki ya saba kasi inashuka kwa sababu msanidi mmoja anaumwa, zinakamilika tano na kuingia mbili za mwisho: 41 kati ya 48. Wiki ya nane zinakamilika tano. Tarehe 27 Juni ni 46 kati ya 48, na mbili zilizobaki ni ndogo. Boti inaondoka.

Mwenyekiti wa chama hakuhitaji kuonyeshwa asilimia hata mara moja. Ujumbe uliomfaa mwishoni mwa Mei ulikuwa huu: "Shikamoo mzee. Programu itafika kabla ya msimu, na itasoma mizani hata mtandao ukikatika. Malipo ya awali kwenye stakabadhi tumeyasogeza toleo linalofuata." Nyuma ya sentensi hizo kuna hesabu yote tuliyoifanya.

Namba nne za kila Ijumaa

Ili kusoma namna hii, timu inahitaji kuandika namba nne kila wiki, siku ileile: zilizokamilika, jumla, zilizoingia na zilizotoka. Mbili za kwanza ziko kwenye mstari. Mbili za mwisho mstari hauzionyeshi, inabidi kuzitafuta. Katika Jira kazi hufanywa kwa maswali mafupi. Hili la kwanza huleta zilizobaki katika toleo:

```
project = KAHAWA AND fixVersion = "3.2" AND statusCategory != Done
```

Hili huleta tiketi zilizomo ambazo ziliandikwa baada ya kazi kuanza:

```
project = KAHAWA AND fixVersion = "3.2" AND created > "2025-05-05"
```

Na hili huleta zilizowahi kuwamo kisha zikatolewa:

```
project = KAHAWA AND fixVersion was "3.2" AND (fixVersion != "3.2" OR fixVersion is EMPTY)
```

Kipande cha mwisho ndani ya mabano kisiachwe. Jira ikiulizwa tiketi ambazo toleo lake si 3.2, huziacha zile zisizo na toleo lolote, na hizo ndizo hasa zinazopotea: mtu ameondoa namba na hakuweka nyingine. Swali la pili nalo lina pengo lake, kwa kuwa tiketi ya zamani iliyoandikwa mwezi Machi na kuingizwa 3.2 mwezi Juni halitaiona. Ndiyo sababu namba za kila Ijumaa huandikwa mahali pa kudumu, hata kama ni jedwali la kawaida, badala ya kutegemea kuzikokotoa baadaye.

Kwenye GitHub maswali ni mafupi zaidi. La kwanza huleta zilizobaki, la pili huleta zilizo wazi ambazo hazijapangiwa toleo:

```
is:issue is:open milestone:"3.2"
is:issue is:open no:milestone
```

Swali hili la pili husahauliwa sana. Kasoro iliyoripotiwa bila kupangiwa toleo haimo katika mstari wowote. Inaweza kuwa nzito kuliko zote na mstari ukaonyesha asilimia 100. Kabla ya kutoa toleo, orodha ya zisizopangwa hupitiwa mpaka mwisho.

Nani anaandika namba, na lini

Katika mfano wa kahawa, tiketi 12 ziliingia katika wiki nne kwa sababu kila mtu aliweza kuziingiza. Muuzaji aliandika 3.2 kwa sababu alimwahidi mteja, mjaribuji kwa sababu aliona kasoro, na msanidi kwa sababu alikuwa anapita karibu na kodi hiyo. Kila mmoja alikuwa na sababu, na hakuna aliyeiona jumla.

Mradi wa Apache Spark, programu ya kuchakata data nyingi, una kanuni inayotenganisha mambo mawili ambayo timu nyingi huyabana katika kisanduku kimoja. Mwongozo wake unawaambia wachangiaji wasiguse `Fix Version`, kwa maana huwekwa na wenye ruhusa ya kuingiza kodi pale tu tatizo linapotatuliwa. Kwa kupanga, kuna kisanduku kingine, `Target Version`, nacho hujazwa na haohao. Kwa utaratibu huo `Target Version` ni ahadi na `Fix Version` ni kumbukumbu ya lililotendeka. Ahadi inaweza kubadilika, kumbukumbu haipaswi.

Kubernetes nao wamefanya `Milestone` kuwa lango. Wiki kadhaa kabla ya toleo huja kipindi cha kufunga kodi, na kuanzia hapo mabadiliko yasiyo na `Milestone` ya toleo hilo hayaunganishwi. Kuiweka kunahitaji mtu aliyepewa mamlaka hayo. Jumla haiwezi kukua kimyakimya, kwa sababu kila kinachoingia kimepita mkononi mwa mtu anayejulikana.

Timu ya watu watano haihitaji mlolongo kama huo. Inatosha kukubaliana kwamba kabla ya nusu ya muda yeyote anaweza kupendekeza, na baada ya hapo mtu mmoja ndiye anayeandika namba ya toleo, naye akiingiza moja aseme ipi inatoka.

Jambo jingine linalohitaji mtu mmoja ni majina. Katika mfumo usiosimamiwa utakuta `3.2`, `v3.2` na `3.2.0`, yote yakiwa toleo moja, kila moja na mstari wake uliokatika. Jira ina uwezo wa kuunganisha matoleo mawili kuwa moja, na ni kazi ya dakika chache. Ugumu ni kugundua, kwani hakuna kengele inayolia. Utaona tu mstari mmoja umejaa kijani haraka kuliko timu inavyofanya kazi.

Siku ya kubonyeza

Siku ya kutoa toleo, msimamizi hufungua ukurasa wa `Releases`. Mfumo ukiwa umeunganishwa na hifadhi ya kodi, Jira huonya kuhusu tiketi zilizowekwa `Done` huku PR yake ikiwa bado wazi. Maana yake ni kwamba mtu ametangaza amemaliza, na kodi haimo ndani ya toleo. Onyo hilo likiwa na tiketi hata moja, kwanza lishughulikiwe.

Akibonyeza kitufe cha kutoa na kukawa na zilizobaki, Jira humwuliza: zihamishiwe toleo jingine au ziachwe? Kwa zile mbili za kahawa anachagua 3.3. Akiziacha, zitabaki zimeandikwa toleo lililokwisha kutoka, na mwaka ujao mtu atazikuta wazi asijue kama zilifanyika.

Baada ya kuhama, ukurasa wa 3.2 unaonyesha tiketi 46 kati ya 46. Asilimia 100. Hakuna dalili ya zile 10 zilizotolewa Mei wala mbili za mwisho. Karibu kila toleo lililotoka na kusafishwa hivi husoma mia, liwe lilikwenda vizuri au lilikwenda kwa taabu. Timu inayotaka kujua ina desturi ya kuahidi kiasi gani kupita uwezo wake itazame jedwali lake la Ijumaa: ilianza na 40, ziliingia 18, zilitoka 12, zikakamilika 46. Kwa toleo la 3.3, lenye wiki nane pia, hesabu hiyo inatoa shauri la wazi. Anza na tiketi 30 badala ya 40, ukijua kwamba 15 hadi 18 zitaingia njiani.

Zile 46 nazo zina kazi nyingine. Kutokana na `Fix versions`, Jira inaweza kutengeneza maelezo ya toleo, yaani orodha ya yaliyoongezwa na yaliyorekebishwa. Karani wa chama husoma orodha hiyo kuamua kama asakinishe toleo jipya na aache kuzungusha hesabu kwa mkono kwa sababu ya ile kasoro ya mizani. Akiambiwa imerekebishwa katika 3.2 ilhali haikurekebishwa, atamlipa mkulima kwa uzito usio sahihi.